Kujipima rangi za nguo nyumbani: afadhali mara mia kuliko yule dada wa Ngamiani

Nianze na hasira, maana bado ninazo. Kuna duka Ngamiani, hapa Tanga, silitaji jina, wanajitangaza kwamba wanakupimia rangi zinazokufaa kwa elfu ishirini. Harusi ya kwetu ilikuwa inakaribia, sare imeshapangwa ni haradali, nikasema ngoja nihakikishe. Yule dada akanikalisha kibarazani, akanitupia kitambaa begani, akakunja uso. "Wewe mweusi, haradali utaonekana mgonjwa. Vaa kahawia, ujisitiri." Nijisitiri! Kwani nilikuja uchi?

Maneno yake ningeyameza. Lililonishinda ni turubai. Kibaraza kizima kimefunikwa turubai la bluu, jua linapenya juu, na sisi wote chini yake tumekuwa bluu, hata karatasi ya risiti. Haradali ikipigwa na mwanga wa bluu inageuka tope, na ngozi nyeusi inaonekana ya kijivu. Pale hata bibi harusi aliyesingwa angeonekana mgonjwa. Pesa hakurudisha, wala sijui kama atakuja kurudisha.

Basi tukajipima nyumbani, mimi na wifi yangu. Fundi wetu alitupa vipande vya rangi moja moja, visivyong'aa. Khanga haifai kwa kazi hii, pindo lina rangi yake na mji una zake, hujui kipi kinakufanya nini. Satini nayo inarusha mng'ao tu. Nikanawa uso, wanja na poda vyote vikatoka, nikavaa fulana nyeupe na kujifunga mtandio mweupe kichwani. Nikakaa ndani ya mlango uliofunguliwa, asubuhi, uso umeelekea nje lakini jua halinigusi. Mwanzoni tulikuwa mlango wa uani, wifi akashtuka: "Mbona shingo yako ina ukijani?" Ukuta wa jirani ni wa kijani, na jua lilikuwa linaupiga. Tukahamia mlango wa mbele.

Kinachofanyika ni hivi. Kitambaa ukikiweka chini kabisa ya kidevu, mwanga unakigonga na kupanda usoni ukiwa umebeba rangi yake. Kwa hiyo usiangalie kitambaa, hata kiwe kizuri namna gani. Angalia kidevu kwa chini, pembeni mwa mdomo na chini ya macho. Wale wanaosema utazame mishipa ya mkononi kama ni ya bluu au kijani, mimi yangu haionekani, basi nisiwe na rangi? Kwa ngozi yangu dalili ni nyingine. Rangi mbaya inaniletea ujivujivu kuzunguka mdomo, kama sijapaka mafuta. Nzuri inauondoa na ngozi inakuwa sawasawa.

Na lazima vitambaa viwe viwili viwili, vya kubadilishwa haraka. Ukikodolea kimoja kwa muda, jicho linakizoea na linaanza kukudanganya. Mimi nilikuwa nafumba macho, wifi anabadilisha, nafumbua mbele ya kioo. Kikitangulia kitambaa kuonekana, kimeshindwa. Ukitangulia uso, kimepita.

Nyeupe ya karatasi na samli: samli ikashinda, ila kwa kidogo. Manjano ya limau ikaniletea ujivu mdomoni papo hapo. Haradali ikaja. Wifi akanyamaza, akairudisha limau, akaileta tena haradali. "Eh! Hapo umelala usingizi wa kutosha." Ule weusi wa chini ya macho ulipungua mbele yangu. Ile kahawia ya kujisitiri? Uso ukafifia, kama kuna vumbi.

Kwa hiyo kipimo nakisifu. Lakini tusidanganyane. Damu ya mzee na zambarau hatukukubaliana mpaka leo, mimi naona zote sawa, yeye anaapa zambarau inanizeesha. Tukapiga picha tuamue, simu ikarekebisha rangi yenyewe kila tulipobadilisha kitambaa, mpaka ukuta mweupe nyuma yangu ukawa unabadilika. Picha zote tukafuta. Halafu kuna wanaotaka baada ya hapo ujiite majira fulani, kipupwe au vuli, ufuate orodha ya rangi za majira hayo. Sikuiona faida. Nilichokiona ni tofauti kubwa sehemu mbili tatu, na kwingine kote ni kubahatisha.

Tena wifi akanikumbusha, harusi yenyewe ni usiku, ukumbini, chini ya zile taa zinazobadilika mara pinki mara bluu. Mlango wa mbele hautakuwepo. Nimemwambia fundi akate haradali hivyohivyo, na yule dada kaalikwa, anamjua bwana harusi. Nitakaa meza ya karibu yake.