TAHADHARI: yule muuzaji wa bangili za ng'amba na "cheti" chake

Jamani, yule wa bangili amerudi, na safari hii amemnasa mtu makini kabisa. Bangili ya gamba la kasa imekamatwa forodhani na kutaifishwa, na aliyeivaa amehojiwa kama msafirishaji wa nyara. Pesa hazijarudi, simu haipokelewi.

Tazameni alivyomfanyia. Aliitoa bangili kwenye kitambaa laini, akaielekeza kwenye mwanga, rangi ya asali na mabaka ya kahawia vikang'aa. Akapasha sindano moto, akaigusisha upande wa ndani, ikatoka harufu ya nywele zilizoungua. "Umenusa? Plastiki hainuki hivi. Hili ni gamba halisi, la zamani, kabla ya sheria." Kisha karatasi: muhuri mwekundu, picha ya bangili, jina la duka na neno HALISI kwa herufi kubwa. Msimcheke aliyenunua. Tumezoea kuogopa vitu bandia, na huyu alithibitishiwa uhalisi mbele ya pua yake.

Ndiyo maana hasira hazinitoki. Kila alichothibitisha kilikuwa ushahidi dhidi ya mteja wake. Gamba la ng'amba, yule kasa ambaye jina lake la kisayansi ni Eretmochelys imbricata, limo katika Kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa mataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu miaka ya 1970. Kadiri bangili inavyokuwa halisi, ndivyo kosa linavyokuwa kubwa. Wala usijitetee kwamba ni moja tu na ni ya kuvaa mwenyewe: msamaha wa vitu vya binafsi hauhusu zawadi ya Kiambatisho cha kwanza uliyoinunua ugenini na kurudi nayo nyumbani.

Na hiyo "kabla ya sheria"? Ipo kweli, ila anayeithibitisha si duka. Ni mamlaka ya CITES ya nchi ambako kitu kinatoka, nayo hutoa cheti chenye namba, jina la kisayansi la mnyama, idadi na maelezo ya kitu chenyewe, baada ya kuridhika kwamba kilipatikana kabla mkataba haujaanza kumhusu mnyama huyo. Cheti hicho kinatakiwa kiwe mkononi kabla ya safari. Ukifika forodhani bila hicho umechelewa. Na hata ukiwa nacho, sheria ya nchi unayokwenda inaweza kuwa kali zaidi. Karatasi ya HALISI inasema kitu ni cha kweli. Haisemi popote kwamba unaruhusiwa kukibeba.

Hata ile sindano ni kiini macho. Gamba la ng'amba na pembe ya ng'ombe vimejengwa kwa keratini ileile, kwa hiyo vyote hunuka nywele. Sindano inaondoa plastiki tu. Tumieni lenzi ya kukuza mara kumi. Kwenye ng'amba, baka la kahawia ni mkusanyiko wa vitone vidogo sana. Kwenye plastiki rangi hujikunja kama wino uliomwagwa majini, na pembe huonyesha mistari ya nyuzi. Mkiona vitone, rudisheni mezani.

Pembe za ndovu ni hadithi ileile: mataifa yalikubaliana mwaka 1989 kumpeleka tembo wa Afrika Kiambatisho cha kwanza, na ingawa makundi ya nchi chache za kusini yalishushwa baadaye, hilo halikuhalalisha bangili ya dukani. Marijani ndiyo inayochanganya watu. Marijani nyeusi na matumbawe magumu ya miambani yamo Kiambatisho cha pili, yaani ni lazima yawe na kibali. Marijani nyekundu ya Mediterania haimo humo, lakini nchi nyingine zina sheria zake, na muuzaji asiyejua kutaja aina anayouza hafai kuaminiwa.

Ukipenda sura ya ng'amba, chukua pembe ya ng'ombe iliyotiwa rangi au asetati ya selulosi, ile ya fremu za miwani. Badala ya pembe za ndovu kuna tagua, kokwa ngumu ya mti wa jamii ya mnazi wa Amerika Kusini. Ina upana wa sentimita chache tu, kwa hiyo bangili nzima isiyo na kiungo ikiitwa tagua, itilie shaka. Pia usiiloweke, maji huilainisha. Badala ya marijani, shanga za kioo au kauri. Ombeni risiti inayotaja malighafi kwa jina.

Huyu jamaa anyang'anywe mzigo wote, ashtakiwe, meza yake ifungwe! Mwenye picha za karatasi zake azipeleke kwa mamlaka ya wanyamapori. Na kama bangili unayo tayari, usiiuze na usiitume kwa posta kuvuka mpaka, maana hapo unakuwa wewe msafirishaji. Waulize mamlaka hao kwanza namna ya kuikabidhi.