Runinga ya kuchezea PS5 hapa Mtwara: ipi ununue, na VRR na ALLM uziwasheje

Malipo ya korosho yakianza kutoka, maduka ya vifaa vya umeme hapa Mtwara mjini hujaa watu wanaobadilisha runinga. Vijana wa Shangani na Chikongola huniuliza swali lile lile: "Kaka, hii itakubali PS5?" Kukubali itakubali, maana runinga yoyote yenye tundu la HDMI itatoa picha. Tofauti iko kwenye maneno mawili madogo ya kwenye boksi, ALLM na VRR. Wauzaji wengi huyataja pamoja kama kitu kimoja, kumbe kila moja lina kazi yake, na si kila mchezaji anayahitaji yote mawili.

Tuanze na ALLM. Runinga ya siku hizi ikipokea picha haiitoi papo hapo. Kwanza huisafisha, hulainisha mienendo na kukoleza rangi. Ukitazama tamthilia huwezi kuhisi kuchelewa huko, lakini ukiwa na padi mkononi utakuhisi mara moja. Kwenye runinga nyingi ucheleweshaji hufika karibu milisekunde 100, na ukiwasha Game Mode, yaani hali ya picha inayoruka usafishaji huo mwingi, hushuka hadi kati ya 10 na 20. Gemu ya fremu 60, yaani picha 60 kwa sekunde, hutoa fremu moja kila milisekunde 17 hivi, kwa hiyo 100 ni fremu sita nzima: unabonyeza shuti, na beki ameshakufikia miguuni. Kazi ya ALLM ni kuipa runinga taarifa kwamba gemu imeanza, nayo ihamie Game Mode yenyewe bila wewe kutafuta remoti. Ukitoka kwenye gemu, inarudi ilikokuwa.

VRR inashughulikia jambo jingine. Runinga ya 60Hz huchora picha mara 60 kwa sekunde, iwe mashine imeshamaliza fremu mpya au haijamaliza. Gemu nzito ikishuka hadi fremu 52, hesabu hazikutani tena, na picha inakatika kwa mstari wa kulala au inatembea kwa kukwama. Ukiwasha VRR, runinga inaisubiri mashine. Kwa PS5 usaidizi huo unaanzia fremu 48 na kuishia 120. Gemu ikishuka chini ya 48, usitegemee msaada wowote.

Sasa mpangilio wangu. Wengi wetu huku tunacheza mpira, na mpira kwenye PS5 hukaa kwenye fremu 60 karibu muda wote, kwa hiyo VRR haina cha kuokoa hapo. Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa runinga ya 60Hz yenye ALLM, inchi 43 au 50, hata kama haina VRR kabisa. Pesa inayobaki nunua padi ya pili.

Ya pili ni runinga ya 120Hz ya kweli yenye ALLM na VRR. Kwa ubora inaishinda ile ya kwanza, ila inamfaa mwenye PS5 au Xbox Series X anayecheza gemu za vita na za ramani kubwa, zile ambazo fremu zake hupanda na kushuka. Mara nyingi utaipata kuanzia inchi 50 au 55. Ila soma vizuri boksi. "Motion 120" au "MEMC 120" si 120Hz. Hayo ni majina ya ulainishaji wa picha, na paneli ya ndani inaweza kuwa ya 60Hz. Wala usitosheke na maneno "HDMI 2.1", kwa sababu VRR na ALLM ni vya hiari ndani ya kiwango hicho. Tafuta herufi hizo zenyewe.

Ya tatu ni runinga ya 60Hz inayouzwa ghali zaidi kwa sababu ina VRR. Hii siipendekezi. Dirisha lake kwa PS5 ni kati ya fremu 48 na 60 tu, ni jembamba mno kulilipia nyongeza kubwa. Ukiikuta kwa bei ya ile ya kwanza, chukua.

Mwenye PS4 yuko kwenye kundi lake, na tupo wengi. PS4 haitumi ALLM wala VRR, hata ukiichomeka kwenye runinga ya mamilioni. Nunua yoyote yenye Game Mode nzuri, uiwashe mwenyewe kwa remoti. Usimlipe mtu ziada kwa herufi ambazo mashine yako haizijui.

Kununua ni nusu ya kazi. Jirani yangu wa Chikongola alileta runinga ya 120Hz, akaichomeka PS5, na sehemu ya VRR ikakataa kuchagulika. Akaanza kuamini ameuziwa feki. Niliposogeza runinga kutoka ukutani nikaona waya uko tundu la kwanza, wakati maandishi "4K@120Hz" yapo pembeni ya tundu la tatu na la nne tu. Runinga nyingi ziko hivyo, na wakati mwingine moja kati ya hayo mawili ndilo lenye "eARC" la spika. Tukahamia la nne. Bado.

Kilichobaki kilikuwa ndani ya menyu ya runinga. Tundu huja likiwa limefungiwa kwenye hali ya kawaida, na kila kampuni imeupa ufunguo wake jina lake: Samsung huandika Input Signal Plus, LG huandika HDMI Deep Colour, na kwingine utakuta HDMI Format au Enhanced. Tukafungua kwa tundu la nne, tukazima PS5 kabisa, si kuilaza, tukaiwasha upya ili isome tena sifa za runinga. Kisha tukaingia hapa:

```
Settings > Screen and Video > Video Output
```

VRR ikakubali kuwekwa Automatic, vivyo hivyo 120 Hz Output na ALLM. Kwa Xbox njia ni hii, na unatia tiki kwenye Allow variable refresh rate na Allow auto low latency mode:

```
Settings > General > TV & display options > Video modes
```

Tumia waya uliokuja na PS5. Waya mwingine ukiwa dhaifu utaujua: kioo kinakuwa cheusi sekunde moja mbili kisha picha inarudi, hasa ukiwa kwenye 120Hz. Na usipitishe mashine kwenye saundiba, kwani nyingi haziipitishi VRR. Mashine iende moja kwa moja kwenye runinga.

Kuna jambo moja linalowatisha watu: VRR ikiwa imewashwa, sehemu za giza au kurasa za kupakia gemu huweza kumetameta. Runinga haijaharibika. Ni mwanga wa paneli unaobadilika pale kasi ya kuchora picha inapobadilika. Ikikukera kwenye gemu fulani, zima VRR unapoicheza na uache ALLM.

Kabla ya kulipa, beba mashine na waya wake hadi dukani. Mwombe muuzaji remoti, fungua tundu sahihi, kisha ingia kwenye ukurasa ule wa VRR. Ikiwa imefifia na haichaguliki hata baada ya hatua zote hizi, runinga hiyo haina VRR, boksi liseme lisemavyo. Kwa ALLM, weka runinga kwenye picha ya kawaida, anzisha gemu, na utazame kama jina la hali ya picha linabadilika lenyewe kuwa Game.