Karatasi ya baba kutoka Shirazi: dozi ya moyo imefasiriwa vibaya na ofisi haitaki kusikia

Nilitaka kuwapa ofisi hii ya tafsiri nyota tatu, kwa sababu kazi yao wanaifanya haraka na Kiingereza chao kizuri. Lakini tangu jana nina hasira ambayo haijashuka, na mwenye mgonjwa wa moyo nyumbani ataelewa kwa nini.

Baba yangu alitibiwa Shirazi, kule Iran. Watu wengi wa hapa Maskati huvuka kwenda kule kwa matibabu, nasi tulifanya hivyo. Akawekewa stenti, kile kibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo, akaruhusiwa, tukapewa karatasi ya kuruhusiwa kwa Kifarsi. Hospitali za hapa kumbukumbu zao ni za Kiingereza, kwa hiyo karatasi ile ilibidi ifasiriwe kabla daktari wa kliniki hajaendelea na mzee. Nikaipeleka kwenye ofisi moja ya tafsiri yenye muhuri, nikalipa, nikapokea faili la PDF limepangwa vizuri kabisa.

Mstari wa dawa ya moyo ulisomeka hivi: Carvedilol 6-25 mg every 12 hours.

Ukiutazama haukushtui, na hapo ndipo hatari ilipo. Karvediloli huanzishwa kidogo, kisha daktari huipandisha taratibu, kila baada ya wiki mbili au zaidi, akiangalia presha na mapigo. Wako wagonjwa wanaofikishwa miligramu 25 mara mbili kwa siku. Kwa hiyo daktari akisoma "6 hadi 25" anaweza kabisa kudhani mwenzake wa Shirazi ameacha ruhusa ya kupandisha. Kosa lenyewe limevaa sura ya maelekezo ya kitaalamu.

Aliyelikamata ni dada mfamasia. Aliisoma karatasi mara mbili, akaniuliza, "Kaka, hiyo sita mmeipata wapi? Dawa hii ina kidonge cha 3.125, cha 6.25, cha 12.5 na cha 25. Cha sita hakuna." Akaniomba karatasi ya asili. Kifarsi hajui hata neno, ila tarakimu za Kiarabu anazisoma, na za Kifarsi zinafanana nazo isipokuwa chache, hasa nne, tano na sita. Akaweka kidole pale palipoandikwa ۶/۲۵, akasema nimletee boksi tulilokuja nalo. Nikarudi nyumbani, nikalileta. Upande mmoja wa boksi ni Kifarsi, upande wa pili Kiingereza, na pale imechapwa wazi: 6.25 mg.

Wairani wanapoandika desimali hutumia mkwaju, yaani ule mstari wa mshazari, badala ya nukta. Nukta ingewachanganya, maana sifuri yao yenyewe imekaa kama nukta. Kwa hiyo ۶/۲۵ ni sita nukta ishirini na tano, na ۲/۵ ni mbili na nusu. Si sehemu, si "sita au ishirini na tano", si tarehe. Mtu yeyote aliyewahi kufasiri cheti cha shule kutoka Iran anakutana na jambo hili kwenye alama za mwanafunzi. Hawa ofisi yao ina muhuri na bango la "tafsiri za kitabibu", halafu mkwaju wameugeuza kistari!

Baba moyo wake hausukumi vizuri. Karatasi ileile inasema EF 35%, yaani kipimo cha jinsi moyo unavyosukuma damu, na hilo walilinakili sawasawa. Mtu wa hivyo, aliyeanzishwa 6.25, akipewa 25 kwa mkupuo, presha inaweza kushuka na mapigo yakapungua hadi akaanguka akiinuka kitandani. Mzee wangu ana miaka sabini na kitu. Namwona akianguka chooni usiku, na karatasi yenye muhuri iko mezani.

Sasa ngoja nitende haki, kwa sababu hasira isinifanye mwongo. Kuna mstari wa furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini, na pale Kifarsi kinasema *yek ruz dar miyan*. Ukiichukua neno kwa neno inakuwa kitu kama "siku moja katikati", na nimeshaona tafsiri ya jirani yetu ikisema mchana. Hawa waliandika every other day, yaani siku moja unameza, siku moja unaacha. Sahihi kabisa. ASA 80 nayo wameifungua kuwa aspirini na wakaiacha themanini kama ilivyo, hawakuigeuza 81 au 100 kwa kuwa vidonge vya hapa ni hivyo. Huyo mfasiri anajua kazi. Ndiyo maana nilipiga simu kwa upole, nikiamini watasema "samahani, tuletee" na mambo yaishe.

Aliyepokea alinisikiliza nusu tu. Akasema, "Ndugu yangu, sisi tunafasiri kilichoandikwa. Sisi si madaktari." Nikamwambia kilichoandikwa ni 6.25, boksi ninalo mkononi. Akasema mkwaju ni mkwaju, na wao wameuandika kwa namna inayosomeka. Nikamwomba aniunganishe na mfasiri mwenyewe. Akasema wafasiri hawazungumzi na wateja. Hakuuliza hata mara moja kama mgonjwa ameshameza.

Nikapanda ngazi hadi ofisini kwao na boksi langu. Pale mbele ya watu wengine wakakubali kusahihisha, na jioni faili jipya likaja. Karvediloli imekuwa 6.25. Nikashukuru, nikaanza kufikiria kuwarudishia nyota zao.

Halafu nikateremka mistari miwili. Nitrocontin 2-6 mg.

Kosa lilelile! Nitrocontin ni jina la biashara la kule, ni nitrogliserini, dawa ya kutanua mishipa, ya kuyeyuka polepole, na Iran inatoka ya 2.6 na ya 6.4. Kwenye Kifarsi imeandikwa ۲/۶. Kwa hiyo walipoambiwa mkwaju wao una maana gani, walirekebisha neno moja lililolalamikiwa, wakaiacha sehemu iliyobaki ya karatasi kama ilivyokuwa. Na jina la dawa wameliacha hivyo hivyo, bila jina lake la kitabibu pembeni, wakati duka la dawa hapa haliijui Nitrocontin. Tarehe ya stenti nayo wameiacha mwaka 1403. Mwaka huo wa Kiirani ulianza tarehe 20 Machi 2024, na daktari wa hapa anahitaji tarehe inayoeleweka, kwa sababu klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye stenti, inahesabiwa tangu siku stenti ilipowekwa, na kwa kawaida baada ya shambulio la moyo haikatizwi kabla ya mwaka.

Mfasiri aliyeijua *yek ruz dar miyan* hawezi kushindwa na haya. Nadhani karatasi ilipita mikono miwili, mmoja anayejua na mwingine anayechapa, na hakuna aliyekaa na asili pembeni akapitia namba moja baada ya nyingine. Kazi hiyo kwa ukurasa mmoja haimalizi robo saa. Dada mfamasia aliifanya akiwa amesimama, na foleni nyuma yangu.

Nyota moja. Tatu nilizozitaja pale juu nazifuta. Faili nimewarudishia tena leo asubuhi nikiwa nimezungushia namba zote kwa wino mwekundu, na mpaka naandika haya hawajajibu. Wakati huo huo dada mfamasia ameandika dozi zote kwa mkono wake kwa kufuata maboksi, na baba anameza kwa karatasi hiyo.