Programu ikikunyima kazi: aulizwe aliyeitengeneza au aliyeinunua?

Tuseme kompanyi ya migodi ya Lubumbashi inatafuta mafundi, na maombi yote yanachujwa kwanza na programu iliyonunuliwa ng'ambo. Wanaume 150 wanaomba, 60 wanapita: asilimia 40. Wanawake 50 wanaomba, 10 wanapita: asilimia 20. Gawanya 20 kwa 40, unapata 0.5. Kwa kipimo kilichowekwa Marekani mwaka 1978, chini ya 0.8 ni dalili ya ubaguzi, ingawa si ushahidi kamili.

Ukimbana mtengenezaji, una sababu. Yeye ndiye anayejua programu ilijifunza kutokana na maombi ya nani. Amazon walijaribu yao kwa maombi ya miaka 10, mengi ya wanaume, nayo ikaanza kushusha alama za wanawake. Walirekebisha maneno yaliyoonekana, lakini hawakuwa na hakika kwamba isingepata njia nyingine ya kubagua. Wakaiacha, habari ikatoka 2018. Na mwaka 2024 hakimu mmoja wa Kalifornia aliruhusu kesi ya ubaguzi dhidi ya Workday, kompanyi inayouza programu za kuchuja maombi ya kazi, iendelee, akiiona kama wakala wa waajiri.

Hata hivyo, mimi ningeanza na mwajiri. Alama ya kupita aliipanga yeye, na orodha ya walioomba na waliopita anayo yeye. Ile hesabu ya juu ni kazi ya dakika chache. Akisema "ni mashine iliyokataa", aulizwe: uliigawanya lini 20 kwa 40? Mtengenezaji adaiwe pale mwajiri alipoomba maelezo ya mafunzo ya programu akanyimwa.