Dawa ya kutoa rangi ya kucha "isiyo na asetoni": kwenye fomaika sawa, kwenye mbao isiguse

Kazi yangu ni kupaka hina na kucha nyumbani, Ngamiani hapa Tanga, na msimu wa harusi rangi humwagika mezani kila mara. Dawa ninayoitolea maoni ni ile chupa ndogo ya maduka ya vipodozi iliyoandikwa kwamba haina asetoni. Muuzaji alinihakikishia kuwa kwa vile asetoni haimo, hata meza ya mbao haidhuriki. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike, maana yanaweza kumharibia mtu meza.

Kwenye meza yangu ya kazi, ambayo juu ni fomaika, dawa imefanya vizuri. Fomaika halisi ikishakauka kiwandani haiyeyuki tena, kwa hiyo dawa hula rangi ikaiacha meza. Nalowanisha pamba kidogo, nabonyeza juu ya doa, kisha nafuta kuelekea katikati ili lisitambae. Papo hapo napitisha kitambaa chenye maji ya sabuni na kukausha. Usiruke hatua ya sabuni. Dawa hizi mara nyingi hutiwa mafuta ya kulainisha kucha, na mafuta hayo yakibaki meza huonekana imefifia, kumbe haijaharibika. Ukiosha na mng'ao ukarudi, ujue ulikuwa utando tu. Mahali pa kuchunga ni ukingoni, pale utepe ulipogundishwa: dawa ikipenya hapo hulegeza gundi na utepe huanza kubanduka. Na kama meza yako ni ile ya bei nafuu iliyobandikwa karatasi yenye picha ya mbao, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana picha yenyewe inaweza kutoka na pamba.

Meza ya sebuleni ni habari nyingine. Ni ya mtiki, na mtoto wa wifi yangu aliangusha chupa ya rangi nyekundu juu yake. Kabla ya kugusa doa nilichovya kijiti cha pamba kwenye dawa, nikakibonyeza upande wa chini wa meza na kusubiri kidogo. Vanishi ikawa inanata kama gundi mbichi na pamba ikatoka na rangi ya kahawia. Nikampigia fundi aliyeitengeneza, akanijibu, "Dada, hiyo niliipuliza vanishi ya thina. Usiiguse na dawa yoyote ya kucha."

Sababu yake ni hii: vanishi ya namna hiyo na rangi ya kucha ni ndugu, zote mbili msingi wake ni nitroselulosi. Kinachoyeyusha moja kitayeyusha na nyingine. Dawa isiyo na asetoni kwa kawaida hutumia ethili asetati badala yake, nayo huyeyusha nitroselulosi vilevile, tena ndiyo hiyo hiyo inayotiwa ndani ya rangi ya kucha ili ibaki majimaji. Kwa hiyo rangi ikimwagika tayari imeshaanza kulainisha vanishi. Ukisugua wakati huo unasugua vyote viwili.

Nilichofanya ni kunyonya dimbwi kwa karatasi laini, nikigusa na kuinua bila kufuta, halafu nikaliacha doa hadi kesho yake ili rangi na vanishi vyote vigande upya. Asubuhi nilichukua kadi ya plastiki ya zamani, nikailaza karibu kabisa na meza na kuisukuma polepole kufuata mkondo wa mbao. Rangi ilitoka vipande vipande kama magamba. Palipobaki wekundu hafifu nilipasugua kwa dawa nyeupe ya meno kidogo kwenye kitambaa chenye unyevu, kwa mkono mwepesi, nikisimama kila mara kutazama meza kwa upande dhidi ya mwanga wa dirishani. Mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha kama mng'ao umeanza kupungua. Nikamalizia na polishi ya nta. Ukilijua doa lilipokuwa utaona tofauti ndogo, mgeni haoni. Meza yangu haing'ai sana. Iliyo na mng'ao wa kioo, dawa ya meno ingeiachia alama ya ukungu, hivyo huko ishia kwenye kadi tu.

Kwa fomaika naipa dawa hii nyota nne, moja nimeipunguza kwa ule utando wake wa mafuta. Kwa mbao iliyopakwa vanishi siipi hata moja mpaka umejaribu chini ya meza, na hata pakitoka salama, fungua madirisha na uwe mbali na jiko, kwa kuwa mvuke wake hushika moto upesi. Na kama vanishi ilikuwa imeshachakaa, rangi ikazama kwenye vinyweleo vya mbao, kadi haitaifikia. Hapo ni fundi apige msasa na kupaka upya sehemu yote ya juu, kwa sababu kiraka cha vanishi katikati ya meza huonekana.