Nimelipa, mbona somo limefungwa? Uzoefu wangu wa kuuza kozi ya ushonaji mtandaoni

Nauza kozi ya kukata na kushona blauzi, shilingi 30,000, kwenye tovuti yangu ya WordPress yenye duka la WooCommerce na programu-jalizi ya masomo. Kwa jumla naridhika nayo, lakini wiki ya kwanza ilinitoa jasho.

Saa nne usiku, siku ya pili tu, mteja akanitumia ujumbe: "Dada, nimeshakatwa hela, mbona somo limefungwa?" Meseji ya malipo ninayo na hela ninaiona. Kufungua oda yake, imeandikwa `Processing`. Programu ya masomo inamfungulia mwanafunzi oda ikifika `Completed`, basi. Kosa lilikuwa langu: bidhaa nilikuwa nimeiwekea alama ya `Virtual` peke yake, na duka likawa linanisubiri niseme mzigo umeshamfikia mteja. Mzigo gani tena! Ukiweka alama zote mbili, `Virtual` na `Downloadable`, malipo yakithibitishwa oda inakamilika yenyewe. Nikazima pia kununua bila akaunti, maana asiye na akaunti hana pa kufunguliwa somo. Kabla hujatangaza kozi, jinunulie mwenyewe kwa simu nyingine, bei ishushe hadi shilingi 1,000 kwanza.

Video nazo nilizipandisha kwenye seva ileile ya tovuti, kwa kubana matumizi. Piga hesabu: somo la dakika 12, lililorekodiwa kwa megabiti 5 kwa sekunde, ni kama megabaiti 450. Wanafunzi 20 wakilifungua kwa pamoja, seva inatakiwa itoe megabiti 100 kila sekunde. Yangu ya bei rahisi ikawa inakwamakwama, na mwenye bando dogo analimaliza kabla sijashika mkasi. Halafu kiungo cha faili kilikuwa wazi. Mtu anakinakili, anakirusha kwenye kundi la WhatsApp, na wasiolipa wanaangalia raha mustarehe.

Nikahamia Vimeo, ambako unaandika kwamba video ichezwe kwenye tovuti yako tu. Ubora unashuka wenyewe mtandao ukiwa dhaifu, hivyo hata wa kijijini anaangalia. Ada yake inauma, na anayerekodi kioo cha simu yake bado humzuii.

Masomo yenyewe niliyapangua. Lile la mkono wa blauzi lilikuwa dakika 45, na maswali yote yalihusu sehemu moja tu: kuchora mzunguko wa kwapa. Nikalikata vipande sita: kupima, kuchora kwapa, kukata, kupachika, kukunja, na kurekebisha mkono unaovuta. Sasa mtu akikwama anarudia dakika saba, si 45. Kipande cha kupima nimekiacha wazi kwa yeyote, na wengi hukiangalia kwanza ndipo wanalipa. Oda za usiku sizikeshei tena.