Wakala alihamisha nafasi yangu, tiketi akaiacha ilivyo

Naandika nikiwa bado na hasira, ingawa safari yenyewe imekwisha muda mrefu sasa. Ilikuwa safari ya miji minne na ndege tano, na kwa kuwa safari iliyotangulia nilijikatia tiketi mwenyewe nikapata taabu, mara hii nilimkabidhi wakala wa usafiri kila kitu na kumlipa ada yake bila kunung'unika, nikiamini kwamba mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku angeliona tatizo kabla yangu.

Wiki chache kabla ya kuondoka, shirika la ndege lilibadili ratiba ya ndege ya kwanza, ikawa inafika dakika 95 baadaye kuliko ilivyopangwa. Muda wangu wa kubadilisha ndege, uliokuwa saa 2 na dakika 10, ukabaki dakika 35. Taarifa ya mabadiliko ya aina hiyo hutumwa kwa wakala aliyetoa tiketi, na yeye ndiye anayepaswa kumweleza abiria na kumtafutia ndege nyingine. Sikuelezwa lolote. Niliyagundua mwenyewe nilipoingiza namba yangu ya uhifadhi kwenye tovuti ya shirika, nami nilipompigia simu alinijibu kwa mkato kwamba ameshanihamishia ndege ya jioni, kisha akanitumia ratiba mpya iliyoandikwa kuwa nafasi imethibitishwa.

Siku ya safari, dada wa kaunta aliitazama skrini yake kwa muda mrefu, akamwita mwenzake, halafu akaniambia, "Nafasi yako ya jioni naiona, lakini tiketi yako bado ni ya ile ndege ya zamani."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo wakala alilijua tangu mwanzo, au alipaswa kulijua. Nafasi na tiketi ni vitu viwili. Ile namba ya uhifadhi yenye herufi na tarakimu 6 inaonyesha tu kwamba umewekewa kiti, ilhali tiketi yenye tarakimu 13 ndiyo inayothibitisha malipo, na ndani yake kila ndege ina kipande chake. Ndege ikibadilishwa, tiketi nayo hutolewa upya ili vipande hivyo vilingane na nafasi mpya. Wakala wangu alifanya hatua ya kwanza akaiacha ya pili. Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba abiria asipotokea kwenye ndege moja ya tiketi ya aina hii, kwa kawaida shirika hufuta zote zinazofuata, hivyo uzembe wa dakika chache ungeweza kunipotezea safari nzima.

Nilimpigia nikiwa nimesimama pale pale kaunta, huku nyuma yangu foleni ikirefuka. Hakuniomba radhi. Aliniambia, "Kwetu sisi inaonekana iko sawa, labda huyo wa kaunta hajui kazi yake," kisha akakata simu. Ni msimamizi wa zamu ndiye aliyeniokoa: kwa kuwa aliyebadili ratiba alikuwa shirika lenyewe, aliitoa tiketi upya bila malipo, kaunta ikiwa karibu kufungwa.

Siku ile niliapa kwamba sitamlipa wakala tena. Hata hivyo, haki inanilazimu kueleza yaliyonipata kwenye ile safari niliyojipangia, ambapo nilinunua tiketi tatu tofauti kwa mashirika matatu kwa sababu zilikuwa nafuu. Ndege ya kwanza ilichelewa saa 3, shirika la pili likanihesabu kuwa sikutokea, nami nikanunua tiketi mpya papo hapo. Kwa kuwa begi langu halikupelekwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari, nilitakiwa kwanza kuingia katika nchi ile ili nilichukue na kulikabidhi upya, jambo ambalo bila viza lisingewezekana. Hakuna shirika lililowajibika kwangu kwa hasara ile. Kinyume chake, katika safari hii ya wakala, ndege ya tatu ilipochelewa nilipewa nyingine bila kulipa chochote.

Lakini kinga hiyo sikuipata kwa wakala. Niliipata kwa sababu ndege zote zilikuwa ndani ya tiketi moja, na tiketi kama hiyo ningeweza kuinunua mwenyewe kwenye tovuti ya shirika, katika sehemu ya safari ya miji mingi, mradi ndege zote ziwe za shirika hilo au washirika wake. Kwa safari ya namna hiyo sioni tena sababu ya kumweka mtu kati yangu na shirika, na hoteli hakika nitaziweka mwenyewe.

Tatizo ni kwamba safari ninayoipanga sasa ina ndege mbili ambazo tovuti inakataa kuziunganisha, na wakala mwingine amenionyesha kwamba zinaweza kuingia kwenye tiketi moja. Nimekubali, kwa shingo upande, baada ya kumuuliza mambo mawili: nani atapokea simu usiku nikikwama, na kama ndege ikibadilishwa atanitumia tiketi iliyotolewa upya badala ya ratiba pekee. La pili alilijibu mara moja. La kwanza bado nalisubiri, na hadi atakaponijibu sijamlipa.